Kesi Iliyo Mahakamani Inapofika kwenye Mizania

Kampuni inaposhtakiwa, hesabu zake za mwaka zinaweza kuipokea kesi hiyo kwa njia tatu. Ya kwanza ni kutenga fedha: deni linaandikwa kwenye mizania, gharama inaingia kwenye taarifa ya mapato na matumizi, na faida inapungua mwaka huohuo. Ya pili ni kuieleza kesi kwa maneno katika maelezo yanayofuata hesabu, bila kugusa faida hata shilingi moja. Ya tatu ni kutosema lolote. Wahasibu huita kiasi kilichotengwa kwa njia ya kwanza tengo, na kesi inayoishia kwenye maelezo huiita deni tarajiwa. Uongozi wa kampuni kwa kawaida hupenda njia ya pili kuliko ya kwanza, kwa sababu maneno hayapunguzi gawio wala bonasi. Ndiyo maana mkaguzi wa hesabu hawezi kulipokea chaguo la uongozi bila kulipima.

Kanuni yenyewe imo katika Kiwango cha Kimataifa cha Uhasibu namba 37, kilichotolewa mwaka 1998. Kenya imekuwa ikitumia viwango vya kimataifa tangu mwaka 1999, na Tanzania tangu mwaka 2004. Kwa mujibu wa kiwango hicho, tengo huandikwa pale mambo matatu yanapokutana. Kwanza, hadi siku ya kufunga hesabu kampuni iwe tayari imefungwa na wajibu uliotokana na tukio lililokwisha kutokea. Pili, uwezekano wa kulipa uwe mkubwa kuliko uwezekano wa kutolipa, yaani uzidi nusu. Tatu, kiasi kiweze kukadiriwa kwa namna ya kuaminika. Moja likikosekana hakuna tengo, na jambo linaelezwa kwa maneno. Uwezekano wa kulipa ukiwa mdogo sana, hata maelezo hayahitajiki.

Wajibu huo si lazima utokane na sheria au mkataba. Kampuni ya mabasi ambayo kwa miaka mingi imegharamia mazishi ya abiria waliofariki katika ajali zake, na ikatangaza hadharani kuwa itafanya hivyo tena, imejifunga kwa mazoea yake hata kama hakuna sheria inayoilazimisha. Kinyume chake, matengenezo makubwa ya injini yanayotarajiwa mwaka ujao hayatengewi fedha leo, kwa kuwa kampuni haidaiwi na yeyote kwa ajili yake na inaweza kuamua kuliuza basi lenyewe.

Kazi ya ukaguzi huonekana vizuri zaidi katika mfano. Tuseme kampuni ya mabasi inafunga hesabu zake tarehe 31 Desemba, na faida yake kabla ya kodi ni shilingi milioni 600. Mwezi Oktoba basi lake lilipinduka, na mwezi Novemba majeruhi wakafungua shauri wakidai milioni 900. Mkaguzi anapofika mwezi Februari anakuta maelezo ya sentensi moja: kampuni inapinga madai hayo na inaamini itashinda. Hakuna kilichotengwa.

Jambo la kwanza kwa mkaguzi ni kujua kama kesi ni hiyo moja tu. Tengo lililokadiriwa vibaya huonekana, lakini kesi isiyotajwa kabisa haimo kwenye hesabu, kwa hiyo hakuna tarakimu ya kuitilia shaka. Kiwango cha Kimataifa cha Ukaguzi namba 501 kinamtaka mkaguzi awahoji viongozi wa kampuni na mwanasheria wake wa ndani, asome mihtasari ya vikao vya bodi na barua walizoandikiana na mawakili wa nje, kisha apitie akaunti ya gharama za kisheria. Akaunti hiyo haipewi uzito inaostahili. Wakili hafanyi kazi bila kutoza ada, na ankara yake hutaja shauri analolishughulikia. Katika mfano huu, uongozi umetaja ofisi moja ya mawakili, ilhali akaunti inaonyesha malipo kwa ofisi mbili. Ankara za ofisi ya pili zinahusu madereva walioachishwa kazi, ambao wanadai milioni 80. Orodha ya uongozi haikuwa na kesi hiyo.

Hatua inayofuata ni barua kwa wakili. Barua huandaliwa na kusainiwa na uongozi, kwa sababu wakili anafungwa na siri ya mteja wake. Lakini mkaguzi ndiye anayeituma, na jibu linakuja kwake moja kwa moja, lisipitie ofisi ya mhasibu. Barua nzuri huorodhesha kila kesi, ikaeleza uongozi unavyoona matokeo yake na makadirio ya gharama, kisha ikamwomba wakili athibitishe au akanushe. Inapozuka shaka kwamba zipo kesi zilizofichwa, barua ya namna hiyo ni lazima.

Jibu la wakili linahitaji kusomwa kwa makini kuliko waraka mwingine wowote katika faili hili. Wakili wa kampuni ya mabasi anaandika kwamba mteja wake ana hoja nzuri za utetezi na kwamba shauri bado ni changa. Maneno hayo yanapendeza, lakini hayajibu swali. Kuwa na hoja nzuri si sawa na kushinda, na uchanga wa shauri si sababu ya kukosa makadirio. Mkaguzi akiichukua barua ya namna hii kuwa ushahidi wa kutosha, hana alichopata zaidi ya heshima za kikazi. Anapaswa kuomba ruhusa ya uongozi akutane na wakili, na wawakilishi wa uongozi wakiwepo.

Wakati huohuo anatafuta ushahidi usiotegemea maoni ya mtu. Ripoti ya polisi wa usalama barabarani inasema tairi la mbele lilipasuka. Daftari la karakana linaonyesha kuwa fundi aliomba tairi hilo libadilishwe wiki tatu kabla ya ajali, na ombi likaachwa. Muhtasari wa kikao cha bodi cha mwezi Januari unamruhusu mkurugenzi mtendaji kujadiliana na majeruhi hadi kufikia milioni 450. Mtu anayeamini atashinda hatengi milioni 450 za kusuluhishana. Kikao hicho kilifanyika baada ya kufunga hesabu, lakini kinaeleza hali iliyokuwapo tayari mwezi Desemba.

Katika kikao na mkaguzi, wakili anasema wazi kwamba kukwepa lawama ni vigumu, na kinachobishaniwa kwa kweli ni kiasi. Anaona fidia itakuwa kati ya milioni 350 na 500, na inayoelekea zaidi ni 400. Sharti la kwanza limetimia, kwani ajali ilikwisha kutokea mwezi Oktoba. La pili limetimia pia. Uongozi sasa unakimbilia la tatu na kudai kiasi hakijulikani, lakini kiwango cha 37 kinasema hali ambamo makadirio ya kuaminika hayawezekani kabisa ni nadra sana. Kwa deni moja kama hili, makadirio bora huwa ni tokeo linaloelekea zaidi, huku matokeo mengine nayo yakiangaliwa. Kwa hiyo tengo ni milioni 400, si milioni 900 zinazodaiwa wala sifuri.

Bima nayo ina utaratibu wake. Kampuni ya bima ikiwa imekubali kwa maandishi kulipa milioni 250, na malipo hayo yawe karibu ya hakika, kiasi hicho huandikwa kama mali inayojitegemea kwenye mizania. Hakipunguzwi kwenye deni, kwa sababu mdaiwa wa majeruhi bado ni kampuni ya mabasi. Kwenye taarifa ya mapato, gharama inaweza kuonyeshwa ikiwa imeshapunguzwa fidia ya bima. Lakini kama bima inabisha kwamba leseni ya dereva ilikuwa imeisha muda, uhakika haupo na mali hiyo haiandikwi. Deni halisubiri ubishi wa bima uishe.

Tarehe 12 Machi, kabla ripoti ya ukaguzi haijasainiwa, pande mbili zinasuluhishana kwa milioni 420. Usuluhishi huo unathibitisha wajibu uliokuwapo tarehe 31 Desemba, kwa hiyo hesabu za mwaka uliopita zinarekebishwa na tengo linakuwa milioni 420. Bima ikiwa imekubali milioni 250, faida inashuka kutoka milioni 600 hadi 430. Kama ajali yenyewe ingetokea mwezi Januari, hadithi ingekuwa nyingine: siku ya kufunga hesabu hakukuwa na wajibu wowote, na kampuni ingepaswa kuieleza tu, ikiwa ni kubwa kiasi cha kumhusu msomaji.

Kesi ya madereva inaelekea upande wa pili. Wakili wao anaonyesha kuwa taratibu za kuachisha kazi zilifuatwa, barua za onyo zipo na mafao yalilipwa. Uwezekano wa kushindwa upo, ila hauzidi nusu. Hapa mahali pake ni kwenye maelezo, lakini maelezo kamili: asili ya dai, makadirio ya athari yake kwa fedha, na mambo yanayoleta mashaka kuhusu kiasi au wakati. Sentensi isemayo kampuni ina kesi kadhaa za kawaida haimsaidii msomaji. Kampuni zinazohofia kumpa mpinzani silaha zinaruhusiwa, katika hali za nadra sana, kuacha baadhi ya taarifa ikiwa kuzitoa kutaidhuru vibaya nafasi yao katika shauri. Hata hivyo lazima zieleze asili ya mgogoro na sababu ya kuacha.

Tukio moja linaweza pia kugawanyika. Baada ya kisima cha mafuta cha BP kulipuka katika Ghuba ya Meksiko mwezi Aprili 2010, kampuni hiyo ilitenga mabilioni ya dola kwa madai yaliyokadirika, huku sehemu kubwa ya fidia ya uharibifu wa mazingira ikibaki kwenye maelezo kwa kuwa haikukadirika kwa kuaminika. Makubaliano ya Julai 2015 na serikali ya Marekani na majimbo matano, ya hadi dola bilioni 18.7, ndiyo yaliyowezesha sehemu hiyo kuhesabiwa.

Kosa la upande mwingine nalo lipo. Katika mwaka wa faida kubwa, uongozi unaweza kutenga kupita kiasi ili uiachie akiba hiyo katika mwaka mbaya na kuonekana umetulia. Mkaguzi huligundua kwa kulinganisha matengo ya mwaka jana na kilicholipwa kweli. Makadirio yanayokosea upande uleule mwaka baada ya mwaka si bahati mbaya.

Uongozi ukikataa kuandika tengo linalostahili, na kiasi ni kikubwa, mkaguzi hutoa hati yenye shaka, au hati isiyoridhisha kosa likienea kwenye hesabu nzima. Ukimzuia kuwasiliana na wakili, na ushahidi usipatikane kwa njia nyingine, tatizo ni kukosa ushahidi: atatoa hati yenye shaka au atakataa kutoa maoni. Lakini kesi ikiwa imeainishwa sawasawa na kuelezwa vya kutosha, ila tokeo lake linaweza kuitikisa kampuni, hati hubaki ya kuridhisha, na mkaguzi anaweza kuongeza aya inayomwelekeza msomaji kwenye maelezo hayo.