Kijani Tatu za Asasi Moja

Juu ya meza ya mikutano tulitandaza kila kitu chenye nembo ya asasi: fulana mbili, bango la turubai lililotumika kukabidhi kisima, barua, kadi ya mwenyekiti, na kipeperushi. Asasi yenyewe ni ndogo, ina watu watano na inachimba visima vijijini mkoani Tanga. Nembo yake ni tone la maji la kijani lenye jua la machungwa ndani yake, na jina limeandikwa upande wa kulia. Tulihesabu kijani tatu. Ya fulana ilielekea bluu, ya bango ilifanana na jani changa la mgomba, ya barua ilikaribia nyeusi. Hakuna aliyeharibu kwa makusudi. Kila mchapaji aliuliza, "Bosi, kijani ipi?" akajibiwa, "Ileile yetu," naye akachagua anayoijua.

Mwongozo wa utambulisho ni jibu la swali hilo, lililoandikwa kabla halijaulizwa. Anayeuhitaji zaidi ni mhasibu aliyetumwa mjini, amesimama kwenye kaunta ya steshenari saa kumi na moja jioni akiwa na flashi mkononi, na mbunifu hapokei simu. Kwa ajili yake tulikubaliana mwongozo usizidi kurasa nne.

Tulianza na rangi. Skrini huunda rangi kwa mianga mitatu, nyekundu, kijani na bluu, na kila mmoja hupewa kiwango kati ya 0 na 255. Kijani yetu ikawa 11, 93 na 59. Programu nyingi huandika namba hizohizo kwa ufupi, `#0B5D3B`: `0B` ni 11 ya nyekundu, `5D` ni 93 ya kijani, `3B` ni 59 ya bluu. Machungwa ikawa `#F28C28`. Kwa skrini, kazi imekwisha hapo.

Karatasi ni habari nyingine, kwa sababu haitoi mwanga. Mchapaji hutumia wino nne, samawati, majenta, njano na nyeusi, ambazo kwenye programu yake huonekana kama CMYK, na kuna rangi kali za skrini ambazo wino hizo haziwezi kuzifikia. Ukiiachia programu igeuze namba yenyewe, itafuata mipangilio iliyoikuta kwenye kompyuta ile, na kompyuta ya duka la pili ina mipangilio yake. Kwa hiyo tulichapisha vipande sita vya kijani kwenye karatasi moja, kila kimoja kikiwa na namba zake pembeni, tukatoka navyo nje kuvitazama juani, kwani chini ya taa ya ofisi vyote vilionekana vimefifia. Kilichokubaliwa ndicho kilichotoa namba za CMYK za mwongozo. Hata hivyo turubai halinywi wino kama karatasi, na wino wa fulana mara nyingi huchanganywa kwa mkono, ambapo namba hazimsaidii mtu. Ndiyo maana kwenye mfuko wa jalada la mwongozo tuliweka vipande vya rangi vilivyochapwa. Mchapaji wa fulana hupewa kipande alinganishe kwa macho, na kazi haianzi kabla ya sampuli moja kukubaliwa.

Ubishi mkubwa ulikuwa juu ya ile machungwa. Vipeperushi vya zamani vilikuwa na vichwa vya habari vya machungwa juu ya karatasi nyeupe, na mkurugenzi alivipenda. Kipimo cha kimataifa cha kurasa za mtandaoni, WCAG, hulinganisha mwanga wa maandishi na mwanga wa mandhari yake: maandishi ya kawaida yanatakiwa kufikia angalau 4.5 kwa 1, na makubwa 3 kwa 1. Machungwa yetu juu ya nyeupe inapata kama 2.5. Kijani juu ya nyeupe inakaribia 8. Machungwa juu ya kijani ni kama 3.2, basi inafaa kwa maneno makubwa tu. Tulimpa mkurugenzi namba hizo, lakini kilichomshawishi ni kuona kipeperushi kikishikwa hatua kumi kutoka alipo, akashindwa kusoma jina la kijiji alichokitembelea wiki iliyotangulia. Kanuni ikaandikwa: machungwa haiandikiwi juu ya nyeupe, hata neno moja.

Kwenye nafasi ya nembo, kosa la kawaida ni kutoa kipimo cha sentimita. Sentimita moja inatosha kwenye barua, lakini kwenye bango la mita tatu haionekani kabisa. Nafasi ipimwe kwa sehemu ya nembo yenyewe. Sisi tulichukua nusu ya kimo cha tone: tone likiwa na milimita 20, milimita 10 kila upande hazipitiwi na neno, picha wala ukingo wa karatasi. Ili kujua nembo inaweza kupunguzwa hadi wapi, tuliichapa kwa upana wa milimita 40, 30, 25, 20 na 15, tukazisoma kwa umbali wa mkono ulionyooshwa. Kwenye 20 jina lilianza kuziba, basi kikomo kikawa 25. Chini ya hapo hutumika tone peke yake.

Wafadhili nao wana kanuni zao, na ni lazima zisomwe kwanza. Umoja wa Ulaya, kwa mfano, unataka nembo yake isipungue kimo cha sentimita 1, na isififie mbele ya nembo nyingine zilizo karibu. Ukiipanga ya kwako bila kujua hilo, utapanga upya.

Upande wa herufi, asasi ilikuwa imenunuliwa fonti nzuri iliyokuwa kwenye kompyuta ya mbunifu tu. Kwa mhasibu, hati ileile ilifunguka kwa fonti nyingine, ripoti ya kurasa mbili ikawa tatu na jedwali likakatika. Tukahamia Noto Sans, ambayo leseni yake inaruhusu kila mtu kuisakinisha bure. Maandishi ya kawaida yana pointi 11, vichwa 18 kwa herufi nene, basi. Tulikataza kunyoosha kingo zote mbili kwenye safu nyembamba. Kiswahili kina maneno marefu kama "yatakayotekelezwa", na neno kama hilo likishindwa kutosha mwishoni mwa mstari huacha matundu meupe mstari mzima. Likilazimika kukatwa, likatwe baada ya irabu: yataka-yotekelezwa. Pia ritifaa ya "ng'ombe" iwe ya namna moja, kwa sababu ripoti moja ilikuwa nazo za aina tatu, pamoja na ile iliyogeuzwa ikawa alama ya kufungua nukuu.

Kisha tukajaribu. Mhasibu alipewa mwongozo na folda ya nembo, akaenda kutengeneza bango bila kumpigia mtu simu. Bango lilirudi na kijani sahihi na nafasi sahihi, ila nyuma ya nembo palikuwa na kisanduku cheupe juu ya mandhari ya kijani. Alikuwa amechukua faili la JPG, ambalo haliwezi kuwa na mandhari angavu. Tulipomuuliza kwa nini, alisema ndilo lililokuwa la kwanza kwenye folda. Tukaliondoa JPG, tukabakiza PDF ya mchapaji na PNG ya ofisini, na majina ya mafaili tukayabadilisha yakawa `nembo-ya-mchapaji.pdf` na `nembo-ya-barua.png`.