Msimbo wa Bidhaa Usiogongana: Namba Ndogo kwenye Risiti Inavyomlinda Mnunuzi

Mlaji anapopokea risiti dukani, kwa kawaida hutazama bei na tarehe, kisha huikunja na kuiweka mfukoni. Mara nyingi kando ya jina la bidhaa huwa kuna namba au herufi chache ambazo hazisomi. Hiyo ndiyo misimbo ya bidhaa, yaani alama ambayo duka limekipa kila kitu linachokiuza. Msimbo uliotungwa vizuri humwezesha mnunuzi kurudi baada ya miezi sita na kupata kilekile alichonunua. Uliotungwa vibaya unaweza kumpa kitu kingine chenye sura ileile.

Makala hii inaeleza namna msimbo unavyotungwa ili usigongane na mwingine na usomeke hata duka linapokua. Tutatumia mfano wa duka la vifaa vya umeme la Mchikichini, hatua chache kutoka Kariakoo. Mfano huu tumeutunga kwa ajili ya maelezo, na haulengi duka lolote mahsusi.

Namba 047 ilivyobeba vitu viwili

Duka letu lilianza na bidhaa zipatazo arobaini. Mwenye duka alizipa namba kwa kufuata mpangilio wa rafu: 001, 002, 003 na kuendelea. Namba 047 ilikuwa ya sakiti breka ya ampea 20. Mwezi Januari mteja mmoja akainunua, fundi akaifunga kwenye njia ya soketi za nyumba yake, na risiti ikahifadhiwa.

Kufikia Juni aina ile ya breka ilikuwa haiingii tena nchini. Bidhaa zilikuwa zimeongezeka, na mwenye duka, kwa kutotaka namba ikae bure, akaipa 047 sakiti breka nyingine: ya ampea 32, yenye umbo na rangi ileile. Mwezi huohuo breka ya mteja ikaharibika. Akamtuma kijana dukani akiwa na karatasi iliyoandikwa «breka 047». Kijana wa kaunta akatazama daftari, akaiona 047, akatoa breka na kuandika risiti. Hakuna aliyedanganya, wala hakuna aliyesoma vibaya.

Hata hivyo mteja amepata kitu cha hatari. Kazi ya breka ni kuulinda waya. Waya wa soketi wa milimita za mraba 2.5 kwa kawaida hulindwa na breka ya ampea 20. Ukiwekewa ya ampea 32, waya unaweza kuelemewa na kupata moto ndani ya ukuta huku breka ikiwa haijajikata. Kosa lililoanzia kwenye daftari la duka limehamia nyumbani kwa mlaji.

Kanuni ya kwanza inatokana na kisa hiki: msimbo uliokwisha kutumika haupewi bidhaa nyingine kamwe. Bidhaa ikiondoka, msimbo wake unastaafu pamoja nayo na unabaki daftarini ukiwa na maelezo «haiuzwi tena». Risiti iliyo mfukoni mwa mteja haijui kwamba duka limebadilisha maana ya namba.

Yasiyofaa kuwekwa ndani ya msimbo

Wenye maduka wengi hupenda msimbo unaosema kila kitu: bei, jina la aliyewaletea mzigo, rafu, hata mwezi wa kununua. Kwa muda mfupi hilo huonekana kuwa na faida. Tatizo ni kwamba mambo hayo yote hubadilika, ilhali msimbo haupaswi kubadilika. Bei ikipanda, msimbo wenye bei ndani yake huwa uongo. Ukiubadilisha, bidhaa ileile inakuwa na misimbo miwili, na risiti za zamani hazipati mwenzake.

Kwa hiyo ndani ya msimbo liwekwe lile tu ambalo halitabadilika, nalo ni kundi pana la bidhaa. Mengine yote yaandikwe daftarini au kwenye kompyuta, mbele ya msimbo huo. Wakati huohuo, kila tofauti inayomhusu mnunuzi ipewe msimbo wake: ampea 20 na ampea 32, njia moja na njia mbili, kiwanda hiki na kile. Kipimo cha kutumia ni swali hili: je, mteja akipewa hiki badala ya kile, atakuwa na haki ya kulalamika? Kama jibu ni ndiyo, hizo ni bidhaa mbili na misimbo ni miwili.

Msimbo wa tarakimu sita

Duka letu la mfano likaamua kuanza upya kwa tarakimu sita. Mbili za kwanza ni kundi: 21 ni sakiti breka na meni swichi, 31 ni soketi na swichi, 41 ni waya, 51 ni taa. Nafasi zilizo kati ya namba hizo zimeachwa kwa makusudi. Kundi la 21 likijaa, 22 ipo karibu. Tarakimu tatu zinazofuata ni namba ya mfululizo, kuanzia 101, inayotolewa kwa zamu bila kujali ukubwa wala bei. Tarakimu ya sita ni ya uhakiki, ambayo tutaieleza hivi punde.

Herufi zimeachwa kwa sababu O hufanana na 0, na I hufanana na 1, hasa kwenye risiti iliyofifia. Vilevile hakuna msimbo unaoanza na sifuri, kwa kuwa programu za majedwali kwenye kompyuta huifuta sifuri ya mbele, na 047 hugeuka kuwa 47. Kwenye lebo tarakimu hutenganishwa kwa vistari ili jicho lisipotee, kama 21-407-8. Kwenye kompyuta huandikwa 214078. Msimbo wote una urefu mmoja, hivyo uliopungukiwa na tarakimu hujulikana mara moja.

Tarakimu ya uhakiki

Watu hukosea namba kwa njia mbili hasa: kuisoma tarakimu moja vibaya, na kupindua mbili zilizo jirani. Tarakimu ya mwisho imewekwa ili kuyakamata makosa hayo. Tarakimu za msimbo huzidishwa kwa 6, 5, 4, 3, 2 na 1 kwa mfuatano, kisha majibu hujumlishwa. Jumla ni lazima igawanyike kwa 11 bila kubaki kitu. Breka ya ampea 20 ilipewa 21-407, na tarakimu ya uhakiki ikawa 8:

```
2 x 6 = 12
1 x 5 =  5
4 x 4 = 16
0 x 3 =  0
7 x 2 = 14
8 x 1 =  8
jumla = 55 = 11 x 5
```

Tuseme mtu amepindua na kuandika 21-470-8. Jumla inakuwa 62, ambayo ikigawanywa kwa 11 inabakiza 7. Akisoma 7 kama 1, yaani 21-401-8, jumla ni 43 na inabakiza 10. Mara zote mbili mashine inaikataa namba, na muuzaji analazimika kuuliza tena. Kwa njia hii kila kosa la tarakimu moja, na kila kosa la kupindua tarakimu mbili jirani, hugundulika.

Kuna gharama ndogo. Namba moja kati ya kumi na moja hivi ingehitaji tarakimu ya uhakiki iwe 10, ambayo haiingii kwenye nafasi moja. Namba hizo hurukwa tu. Katika mfano wetu 21-406 haipo. Baada ya 21-405-1 inakuja 21-407-8. Hata hivyo kila kundi linabaki na nafasi zaidi kidogo ya 800, zinazolitosha duka la kawaida kwa miaka mingi.

Uhakiki huu una mipaka. Haumzuii mtu kubandika lebo sahihi kwenye boksi lisilo lake, wala haukamati kila kosa la tarakimu mbili zilizo mbalimbali. Ndiyo sababu risiti inapaswa kuwa na msimbo pamoja na maelezo ya maneno: «Sakiti breka, njia 1, ampea 20, 21-407-8».

Kisa kilekile chini ya mpango mpya

Turudi kwa kijana aliyetumwa. Sasa karatasi yake inasema 21-407-8. Daftari la duka linaonyesha kwamba bidhaa hiyo haiuzwi tena, na mbele yake pameandikwa mbadala: breka ya ampea 20 ya kiwanda kingine, msimbo 21-512-0. Breka ya ampea 32 ina msimbo wake, 21-417-5, na haiwezi kujitokeza kwa jina la mwenzake. Wateja wenye risiti za zamani nao hawakusahaulika, kwa sababu daftari lina safu ya misimbo ya awali pamoja na tarehe. «047 kabla ya Juni» inaelekeza kwenye ampea 20, na «047 kuanzia Juni» kwenye ampea 32.

Mpango huu haufai kila biashara. Muuza mitumba wa Mchikichini ana nguo ambazo kila moja ni ya pekee. Kwake inatosha kulipa msimbo belo na daraja la nguo, si kila shati.

Msimbo wa duka na bakodi ya kiwandani

Walaji wengi huchanganya msimbo wa duka na mistari myeusi ya bakodi iliyochapwa kiwandani. Bakodi inayoanza na 620 inaonyesha kwamba kampuni ilipata namba yake kupitia tawi la Tanzania la shirika la kimataifa la GS1. Haithibitishi kwamba bidhaa imetengenezwa nchini. Bakodi wala msimbo wa duka si ushahidi wa ubora. Alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS, hutafutwa peke yake.

Mlaji afanye nini

Dai risiti ya mashine ya EFD kila unaponunua. Kabla ya kuondoka kaunta, linganisha msimbo ulio kwenye lebo na ule wa risiti, kisha soma maelezo ya maneno na maandishi yaliyo kwenye bidhaa yenyewe. Kwa breka, ampea zimechapwa mbele yake. Risiti ikiwa imeandikwa «vifaa vya umeme» tu, omba jina kamili na msimbo viandikwe.

Unapomtuma mtu, mpe msimbo, maelezo na tarehe ya risiti ya awali. Unaporudisha bidhaa, taja mambo hayo matatu. Risiti ya karatasi hufifia; ipige picha siku uliyoipata. Na muuzaji akikuambia kwamba namba iliyo kwenye risiti yako sasa ni ya kitu kingine, usipokee kitu hicho kwa sababu namba zinafanana. Tarehe ya risiti inaonyesha namba hiyo ilimaanisha nini siku uliyolipa, na bidhaa ya siku hiyo ndiyo unayoidai.