Simu Imetoka, Mtoto Yupo

Saa 2:10 usiku, nikiwa bado kazini Posta, simu yangu ililia. Arifa ilisema binti yangu ameondoka nyumbani. Ana miaka 14, yuko kidato cha pili, na kwetu Kimara saa hizo hana shughuli yoyote barabarani. Nikampigia huku moyo ukinienda mbio.

"Uko wapi?"

"Niko sebuleni mama, nasoma. Umeme umekatika."

Sikumwamini. Nikamwambia ampe simu dada anayetusaidia kazi, naye akathibitisha kwamba mtoto yuko mbele yake na kitabu chake. Simu iliporudi mikononi mwake, binti yangu akauliza kwa sauti ya chini: "Kwani mama, nani amekwambia nimetoka?"

Sikuwa na jibu. Wiki mbili kabla nilikuwa nimeweka programu ya kufuatilia mahali alipo kwenye simu yake, akiwa amelala.

Kilichotokea usiku ule kinaeleweka ukijua programu hizi zinavyofanya kazi. Mzazi huchora duara kwenye ramani, moja nyumbani na jingine shuleni. Simu ya mtoto hujikadiria iko wapi, na ikivuka mstari wa duara, arifa hutumwa. Ndani ya nyumba yenye bati mawimbi ya setilaiti ni hafifu, hivyo simu hutegemea zaidi waifai za nyumbani na za majirani, ambazo huiwezesha kukisia kwa tofauti ya mita 20 hadi 50. Umeme ulipokatika, waifai zote za mtaa zilizimika. Simu ikabaki na minara ya mitandao, na kwa minara peke yake makisio huweza kukosea kwa mamia ya mita, wakati mwingine hata kilomita. Simu ilikuwa mezani, lakini kwenye ramani ilikuwa imeruka ng'ambo ya Barabara ya Morogoro. Nami kwa wasiwasi nilikuwa nimechora duara dogo la mita 50, ilhali Google huwashauri watengenezaji wa programu za Android wasishuke chini ya mita 100 hadi 150. Nililipanua hadi mita 200.

Duara lilirekebishika kwa dakika moja. Lile swali lilinichukua siku tatu. Jumamosi, tukichambua mchele, nilimwomba radhi, nikampa simu yangu aone kila ninachokiona. Aliikagua muda mrefu. Akauliza kama baba yake mdogo naye anaona. Nikamwambia hapana, kisha nikakumbuka kwamba simu yangu haina namba ya siri, na kila anayeishika pale nyumbani angeweza kujua mtoto huyu anatoka saa ngapi na kurudi saa ngapi. Nikaweka namba ya siri palepale. Kwa kweli hilo ndilo jambo lililopaswa kunitisha mapema kuliko yote, na aliyeliona ni mtoto.

Kisha akanieleza nisichokijua. Shuleni kwao simu hukabidhiwa ofisini ikiwa imezimwa, hurudishwa jioni. Arifa ya kufika huweza kuchelewa dakika mbili tatu, kwa hiyo akiizima tu anapoingia getini, huenda isinifikie kabisa. Na bando likiisha njiani ni hivyohivyo, ingawa yeye amefika salama. Siku anayoisahau simu nyumbani, mimi nitaambiwa yuko nyumbani.

Tukakubaliana. Maduara ni mawili tu, nyumbani na shule. Kwa rafiki ataniambia mwenyewe. Akifika getini atasubiri dakika tatu kabla ya kuizima. Jioni mwendokasi hujaa, kwa hiyo sitafungua ramani mpaka saa 12:30 ipite bila arifa, na hata hapo nitampigia kwanza. Asipopokea nitampigia mwalimu wa zamu, kwa sababu ramani haiwezi kunieleza mtoto ana hali gani. Alitaka pia tuweke mwisho wa ufuatiliaji huu, nami nikaona ni haki: siku atakayomaliza kidato cha nne tutaizima programu pamoja.

Wiki iliyopita umeme ulikatika tena na arifa haikuja, safari hii duara lilitosha. Lakini nilipiga simu kumsalimia. "Niko ndani mama," akasema, "na leo nimesahau kukwambia kwamba kesho tuna masomo ya ziada, nitachelewa."

Mzazi mwenzangu, kama umeiwasha programu kama hii kimyakimya, mwambie mwanao leo jioni, kabla arifa ya uongo haijamwambia.