Mashine ya Nafaka: Mkanda au Cheni?

Anayefunga mashine ya kusaga hupewa ushauri wa aina moja mara kwa mara: weka cheni, haitelezi, haikatiki ovyo. Kwa kinu cha nyundo ushauri huo ni mbaya, na sababu ya kwanza ni mwendo.

Tuchukue mota ya kilowati 15 inayozunguka mara 1,440 kwa dakika. Nyundo zinahitaji karibu mara mbili ya hapo ili mahindi yatoke unga laini. Puli ya milimita 250 kwenye mota na ya milimita 125 kwenye kinu zitatoa mizunguko 2,880, na mkanda utakimbia mita 19 hivi kwa sekunde. Mkanda wa V unaumudu mwendo huo bila shida. Cheni yenye hatua ya milimita 19.05 kwenye gurudumu la meno 17 ingekimbia zaidi ya mita 15 kwa sekunde. Kwa kasi hiyo, tone la oili la hapa na pale halitoshi. Inataka boksi lililofungwa kabisa, oili ikimwagwa humo muda wote. Ukiiacha wazi, oili itarushwa kila upande, na vumbi la unga litashikamana na ile iliyobaki hadi liwe tope linalokula pini. Na pembeni yake mteja anakinga chakula cha wanawe.

Kuteleza nako kuna faida. Jiwe au nati ikiingia na kukwamisha nyundo, mkanda unalia na kuteleza, nawe unapata nafasi ya kuzima. Cheni ingepeleka kishindo chote kwenye shafti na mota.

Lakini mkanda unaoteleza kila siku ni ugonjwa. Mkanda wa V hushika kwa mbavu zake, haushiki kwa tumbo. Zima umeme, vua mkanda, utazame mfereji wa puli: chini kukiwa kunang'aa, mkanda umezama, na kuukaza hakutasaidia. Kilicholika ni mkanda, puli, au vyote viwili. Mikanda inayofanya kazi pamoja ibadilishwe yote kwa mara moja, maana mpya ukiwekwa kati ya iliyovutika utabeba mzigo peke yake. Katika kukaza, jedwali la mtengenezaji hutaja kani ya kubonyezea katikati ya mkanda. Kwa kawaida unatakiwa ubonyee milimita 16 kwa kila mita ya nafasi kati ya puli. Ukikaza kupita hapo, beringi zitachemka.

Cheni ina mahali pake: kichanganyio cha chakula cha mifugo au parafujo ya kupandishia nafaka, vitu vinavyozunguka polepole kwa nguvu kubwa. Huko mkanda ungeteleza bure. Ipake oili, kisha ipime: hatua 16 za cheni hiyo ya milimita 19.05 zikiwa mpya ni milimita 305. Zikifika 314, ibadilishe, na ukague meno ya magurudumu kabla ya kufunga mpya.