Shefu atasoma ukurasa mmoja tu: namna ya kuandika rezime ya utafiti kwa watu wa elimu



Kwa memwari tumezoea kuandika rezime kwa kupunguza kazi yote kidogo kidogo. Utangulizi unapata mistari 3, metodolojia inapata 4, matokeo 5, mapendekezo yanabanwa mwishoni. Kwa prof hiyo haina shida, juu yeye atafungua kazi yenyewe. Lakini shefu wa sudivizio ya elimu, mwenye watu kwenye benchi nje na telefone inayolia, hatafungua ripoti ya kurasa 60. Kile kisichokuwa kwenye ukurasa wake hakipo.

Nilijifunza hiyo kwa aibu. Tulikuwa tumefanya enkete juu ya watoto wanaokosa shule wakati wa mashamba, nami nikapewa kazi ya kuandika ukurasa. Nilianza na Katiba ya 2006, artikle 43, elimu ya musingi ni ya bure. Kisha nikaingia kwenye gratwite ya 2019. Kisha mbinu za utafiti. Tulipoingia kwenye biro, papa shefu alisoma mistari ya juu, akageuza karatasi kuona kama nyuma kuna kitu, akauliza: "Sawa. Sasa munaniomba nini?" Jibu lilikuwepo, mistari 2 ya chini kabisa. Hakufika kule. Na hiyo gratwite niliyokuwa ninamwelezea, yeye anaamka nayo kila siku, na walimu wasiolipwa wanamungojea mlangoni.

Nitatumia kesi hiyo hiyo. Ripoti ni ya watu waliotuajiri, kwa hiyo namba nimezibadilisha na eneo silitaji. Namna ya kuhesabu tu ndiyo inabaki ile.

Kwanza muelewe jambo lenyewe. Kwetu Kivu, msimu A unaanza na mvua ya mwezi wa 9. Watu wanapanda maharagi na mahindi, na mvua haingojei mtu: ukichelewa majuma 2, mavuno yanapungua. Shule nayo inafunguka mwanzo wa mwezi huo huo wa 9. Mtoto wa mwaka wa 5 ao wa 6 ana nguvu ya kushika jembe, ao ya kubaki na mtoto mudogo wakati mama yuko shambani. Basi rejista za shule za milimani zinaonyesha mashimo wakati ule ule mwalimu anafungua programu.

Mapendekezo yetu ya kwanza kwenye ripoti yalikuwa: "Kalenda ya masomo ibadilishwe ifuate misimu ya kilimo." Inasikika vizuri. Lakini kalenda inaandikwa na Wizara kule Kinshasa. Shefu wa sudivizio akiisoma, anaona tu kwamba barua imepotea njia. Kwa hiyo, mbele ya kuandika mustari hata mmoja, tulirudi kumuona sekreteri wake, mama mmoja anayejua biro kuliko wote, tukamuuliza: "Mama, ni vitu gani shefu anasaini yeye mwenyewe, bila kungoja mtu?" Akatuhesabia. Anaandikia ma-direkta barua za maagizo. Anapanga vikao nao. Anapeleka maombi kwa Direkta wa Provensi, yule tunamuita Proved. Ni hayo. Basi tukatafuta ndani ya ripoti: ni kitu gani kinaweza kuingia ndani ya barua kwa ma-direkta? Kilikuwepo kimoja, kilichofichwa kwenye ukurasa wa 47: shule nyingi zilikuwa zinafanya interro ya kwanza katikati ya majuma ya kupanda, na mtoto aliyekuwa shambani alipata ziro iliyomfuata mwaka muzima. Kuhamisha interro hakuombi franka. Kunaomba barua, na barua ile itoke mwezi wa 8, mbele shule hazijafunguka. Ukurasa ukifika mwezi wa 10, hata ukiwa muzuri namna gani, msimu umeshapita.

Ile ya kalenda hatukuitupa. Tuliiandikia ukurasa wake, kwa Proved. Wasomaji 2, kurasa 2. Kuchanganya ni kufanya kila mumoja afikiri kazi ni ya mwenzake.

Sasa namba. Hapa ndipo wengi wetu tunaharibikia, juu tunapenda asilimia. Rejista zilionyesha hivi: kwa mwezi wa kawaida wenye siku 22 za shule, mtoto anakosa siku 2, kwa mwezi wa kupanda anakosa 6. Unaweza kuandika "utoro umepanda kwa 200%", na hesabu haidanganyi. Unaweza kuandika "kutoka 9% hadi 27%", nayo ni kweli. Lakini fikiri shefu ataifanya nini hiyo namba. Kesho yake ataisema kwenye kikao, bila karatasi. Akisema "200%", mutu wa kwanza atauliza "200% ya nini?" naye hatakuwa na jibu. Mbaya zaidi, ile 27% itageuka njiani kuwa "27% ya watoto wameacha shule", na hiyo hatukuiona popote. Lakini "mtoto anakosa siku 6 badala ya 2" haigeuki. Kila mwalimu anajua siku ni nini. Tulichukua hiyo, moja tu, na asilimia zote zikabaki kwenye ripoti.

Pembeni ya namba, sentensi hiyo hiyo ao ile inayofuata, unaweka mpaka wake. Sisi tulitembelea shule 12. Katika shule 3 rejista zilikuwa zimejazwa siku moja kwa mwezi muzima: kalamu moja, mkono mumoja, alama zimepangwa sawasawa, na hakuna mtoto hata mumoja aliyekosa siku ya soko. Nani asiyejua siku ya soko? Tuliziacha, tukabaki na 9, zote za milimani. Ukificha hiyo, direkta wa shule ya mjini atasimama kwenye kikao aseme kwake haiko hivyo, na atakuwa na haki, na karatasi yako yote itaanguka pamoja na hiyo namba. Mpaka ukiwekwa chini kabisa kwa herufi ndogo, haumsaidii mutu.

Jambo la mwisho la ndani ndilo linaloniogopesha zaidi. Rejista inaonyesha nani hakuja. Haionyeshi kwa nini. Sababu tulizipata kwa wazazi: kati ya 60 tuliowauliza, 41 walisema mtoto alikuwa shambani ao alibaki na wadogo wake. Wengine walitaja yunifomu, ugonjwa, mto uliojaa. Kwenye ripoti tuliandika "wazazi walisema". Kwenye ukurasa wangu wa kwanza, juu ya kutafuta nafasi, iligeuka kuwa "wazazi wanazuia watoto". Maneno 2 yamebadilika tu. Lakini shefu akisoma hayo ya pili, barua anayoweza kuandika ni ya vitisho kwa wazazi: mtoto asirudi bila baba yake, ao familia ilipe amande. Na familia ile ile tuliyoikuta haina mutu wa kuilimia ndiyo itabeba mzigo. Kwa hiyo ukipunguza maneno, usipunguze "walisema", "labda", "kwa shule hizi". Kata sifa, kata historia, kata majina ya mbinu. Yale madogo yaache.

Ukurasa wenyewe tuliutoa kwa kifaransa, sawa kawaida ya biro. Lakini tuliuandika kwanza kwa kiswahili, tukausoma kwa sauti. Kiini chake kilikuwa hivi:

"Tunachoomba: barua moja kwa ma-direkta mwezi wa 8. Isifanyike interro yoyote katika majuma 3 ya kupanda, na masomo ya majuma hayo yarudiliwe mwezi wa 11. Haiombi franka.

Sababu: katika mwezi wa kawaida, mtoto wa mwaka wa 5 na wa 6 anakosa siku 2 kati ya 22. Mwezi wa kupanda anakosa 6. Tumehesabu rejista za shule 9 za milimani. Za shule 3 tuliziacha kwa sababu hazikujazwa kila siku. Kwa shule za mjini hatukupima.

Wazazi 41 kati ya 60 walisema mtoto alikuwa shambani ao alilinda wadogo wake. Rejista zenyewe hazionyeshi sababu.

Barua hii haitarudisha watoto shuleni siku hizo. Itazuia tu wasihesabiwe ziro kwa siku hizo. Maelezo: ripoti, kurasa 31 na 47."

Yule mustari wa "haitarudisha watoto" mwenzetu mumoja alitaka tuutoe, eti unapunguza nguvu. Mimi nilikataa. Shefu akiamini utoro utaisha, mwaka unaofuata atahesabu, atakuta uko pale pale, na hatapokea tena karatasi yetu.

Umbo lake haliombi maneno mengi. Upande mumoja wa A4, herufi 11 ao 12, maneno 400 yakizidi sana. Logo za wafadhili ziwe ndogo, si robo ya karatasi. Rangi usitumie, juu fotokopi itazigeuza zote kuwa kijivu, na grafiki ya mistari 3 ya rangi itakuwa mistari 3 inayofanana. Kila kifupisho ukiandike kwa urefu, hata kile unachofikiri kila mutu anakijua.

Kisha tafuta mutu asiyejua utafiti wako. Mimi nilimpa mama direktrisi mumoja wa mtaa wetu. Asome dakika 2, umuchukulie karatasi, umuulize: wanaomba nini, kwa nani, na kwa nini? Yeye alinijibu: "Munaomba watoto wa kulima wasamehewe mitihani." Tulikuwa tumeandika "mitihani" badala ya interro, naye alifikiri tunagusa mtihani wa mwisho wa mwaka wa 6. Neno moja, na barua ingekataliwa papo hapo.

Na jina lako pamoja na namba ya telefone uviweke juu, karibu na tarehe. Sisi tuliviweka chini. Kisha siku kadhaa niliona ukurasa wetu kwenye grupu ya WhatsApp ya walimu, umepigwa picha juu ya meza, na chini umekatwa. Walimu walikuwa wanaulizana: ni nani alihesabu hizi siku 6, na tumupate wapi?