Diski Ngumu Haiponi kwa Friza

Diski ngumu ya kompyuta ikigoma kusomeka, mapishi mawili husikika haraka: ifunge kwenye mfuko wa plastiki uilaze ndani ya friza usiku kucha, au igonge ubavuni mara moja mbili. Mapishi hayo hayakuzuka hewani. Yalitokana na diski za mwishoni mwa miaka ya 1980 na ya 1990, ambazo zilikuwa na ugonjwa wake maalumu, na kwa ugonjwa huo kugonga kulisaidia kweli.

Ndani ya diski mna sahani zinazong'aa kama kioo, na data imeandikwa juu yake kwa sumaku. Vichwa vidogo vya kusomea hupita juu ya sahani bila kuzigusa. Katika diski za zamani, umeme ukizimwa vichwa vilitua juu ya sahani zenyewe. Sahani zilipakwa utando mwembamba wa kilainishi, na diski ikikaa bila kutumika vichwa viliweza kunata hapo. Mota, dhaifu kiasi, ilishindwa kuanza kuzungusha. Kigongo kidogo kilivibandua, mota ikaanza, mwenye data akanakili alichoweza. Nazo beringi za wakati ule zilikuwa za gololi. Iliyokwama iliweza kulegea kidogo chuma kiliposinyaa kwa baridi.

Diski za leo si hizo. Tangu miaka ya 1990 diski za laptopu zilianza kuegesha vichwa vyake kwenye kijukwaa cha plastiki kando ya sahani, na baadaye diski za kompyuta za mezani zikafuata. Beringi za gololi zimeachia nafasi beringi za mafuta, na mafuta yakipoa huwa mazito: baridi inaifanya mota ihangaike zaidi. Nafasi kati ya kichwa na sahani nayo imepungua hadi nanomita chache. Unywele wa mtu una unene wa makumi ya maelfu ya nanomita.

Hapo ndipo friza inapogeuka kuwa hatari, na hatari yenyewe ni maji kuliko baridi. Friza ya nyumbani huwa kwenye nyuzi 18 hivi chini ya sifuri. Hewa ya Dar es Salaam au Mombasa msimu wa joto huanza kuacha umande juu ya kitu chochote kilicho chini ya nyuzi 24 hivi. Diski ikitoka kwenye friza inalowa papo hapo, kama chupa ya soda, na itaendelea kulowa mpaka ipate joto la chumba. Mfuko wa plastiki hauzuii mengi, kwa kuwa mfuko lazima ufunguliwe ili kuchomeka waya. Diski nyingi pia zina kitundu cha kupumulia chenye kichujio. Kichujio huzuia vumbi, lakini mvuke hupita. Tone la maji lisiloonekana kwa macho ni kubwa mara mia nyingi kuliko nafasi anamopita kichwa, na ukingo wa sahani ya diski ya mezani inayozunguka mara 7,200 kwa dakika unakwenda kwa zaidi ya kilomita 120 kwa saa. Kichwa kikijikwaa kwenye tone hilo, kinakwaruza utando wenye data. Palipokwaruzwa, data imeondoka kama unga.

Kugonga kuna hesabu mbaya vilevile. Diski ndogo iliyoanguka mara nyingi huwa vichwa vimetoka kwenye kijukwaa vikanata katikati ya sahani. Ikichomekwa hutoa mlio mwembamba wa mota inayojaribu kuzunguka bila kuweza. Fundi mwenye vifaa anaweza kuvitoa taratibu, sahani zikabaki salama. Pigo huving'oa au kuvikunja, na vichwa vilivyokunjwa ni makucha.

Hata hivyo watu wa kweli husimulia kwamba friza iliwasaidia. Wengi hawadanganyi. Diski yenye vichwa vinavyochoka huamka na kuzimika yenyewe. Ikipumzishwa saa chache juu ya meza tu, huenda ikasomeka kwa muda. Aliyeipumzisha ndani ya friza huipa friza sifa. Aliyeharibikiwa kabisa hana simulizi ya kueneza.

Kinachosaidia kwanza ni kuzima umeme na kusikiliza. Diski inayogonga ko-ko-ko kwa mpigo ule ule ina vichwa visivyoona alama za kuviongoza, na kila dakika ya umeme inaongeza madhara. Inayolia bila kuzunguka ina mota au vichwa vilivyonata. Hizo mbili hazina tiba ya nyumbani. Iliyo kimya kabisa yafaa kujaribiwa kwanza kwa waya mwingine na chanzo kingine cha umeme, maana mara nyingine ubovu uko hapo tu. Kubadilisha bodi ya saketi kwa ya diski nyingine ya modeli ile ile, jambo wanalopenda mafundi wa mitaani, kwa kawaida hakutoshi siku hizi: kila bodi ina chipu yenye vipimo vya diski yake yenyewe, na chipu hiyo lazima ihamishwe.

Kundi linaloweza kuokolewa nyumbani ni diski inayozunguka bila kelele na kutambuliwa na kompyuta, ila inasoma polepole na baadhi ya mafaili hayafunguki. Tuseme ni ya terabaiti 1, yenye picha za studio. Windows ikiomba kuifomati, jibu ni hapana. Programu ya `chkdsk` nayo iachwe: inarekebisha kwa kuandika juu ya diski ile ile mgonjwa. Kinachotakiwa ni nakala ya diski nzima, sekta kwa sekta, kwenye diski nzima yenye nafasi kubwa zaidi. Kwenye Linux kazi hiyo hufanywa na GNU ddrescue. Amri ya `lsblk` huonyesha jina la diski mgonjwa, na ni lazima kulihakikisha kabla ya kuendelea. Kisha, ndani ya folda ya diski inayopokea:

```
ddrescue -n /dev/sdb picha.img picha.map
ddrescue -d -r3 /dev/sdb picha.img picha.map
```

Amri ya kwanza huchukua sehemu rahisi na kuruka zinazogoma. Hapo ndipo ujanja ulipo: nyingi za data hutoka kabla diski haijachoka. Diski nzima ya ukubwa huo, ikisomwa kwa megabaiti 100 kwa sekunde, huisha chini ya saa tatu. Mgonjwa anaweza kuchukua siku. Faili la `picha.map` hukumbuka kilichokwisha kusomwa, hivyo diski ikipata joto kali au ikikatika, kazi husimamishwa na kuendelezwa baadaye. Amri ya pili hurudi kwenye sekta zilizokataa na kuzijaribu mara tatu. Ikianza kugonga wakati huo, izimwe. Mafaili hutafutwa ndani ya nakala, kwa TestDisk au PhotoRec, na diski yenyewe haiguswi tena.

Kwa diski inayogonga au iliyoanguka, kazi ni ya maabara yenye hewa iliyochujwa, ambako vichwa hubadilishwa kwa vya diski pacha ili isomwe kwa muda wa kutosha kunakili tu. Ni gharama kubwa, na mwenye data anapaswa kuuliza mapema bei, na kama kuna malipo data isipopatikana. Sahani zikiwa zimekwaruzwa duara zima, maabara nayo haina la kufanya.

Kwa diski za SSD habari ni fupi: hazina kinachozunguka wala kichwa cha kunata, hivyo kigongo hakina cha kubandua.