Gemu inapoanza kuganda, soma namba za kwenye kona

Gemu ikianza vizuri halafu baada ya robo saa ikawa inakwamakwama, wengi hukimbilia kununua RAM. Kabla hujatoa hela, weka namba kwenye kona ya skrini uone kinachoendelea. Kwenye Windows kuna programu ya bure, MSI Afterburner, ambayo huja na mwenzake RivaTuner. Fungua mipangilio, ingia Monitoring, chagua GPU usage, GPU temperature, Core clock na Framerate, kisha kila moja uiwekee alama ya Show in On-Screen Display. Nne zinatosha. Ukijaza skrini namba ishirini, hutasoma hata moja.

Tuseme ni laptopu ya gemu yenye umri wa miaka kadhaa. Dakika za mwanzo kadi ya picha inatumika asilimia 98, inakwenda kwa MHz 1,700, joto ni nyuzi 72, na gemu inatoa fremu 60 kwa sekunde. Baadaye asilimia ni ileile 98, joto limesimama kwenye 87, lakini mwendo umeshuka hadi MHz 1,150 na fremu zimebaki 40.

Hapa namba mbili zinahadaa. Asilimia hupima muda ambao kadi iko kazini, haipimi kiasi cha kazi inayotoka. Kadi iliyopunguza mwendo bado inashinda kazini, kwa hiyo asilimia haishuki. Joto nalo linaonekana limetulia, kumbe limefika kikomo alichoweka mtengenezaji, na chipu inajipunguzia mwendo ili isikivuke. Inayosema kweli ni Core clock.

Kuthibitisha ni rahisi: bila kutoka kwenye gemu, inua laptopu kwa nyuma ili ivute hewa, subiri dakika chache. Mwendo ukianza kupanda, tatizo ni joto. Safisha vumbi kwenye feni, na kama imekaa miaka bila kufunguliwa, mpe fundi abadilishe pesti ya kupoozea. Wakati unasubiri fundi, funga fremu zisizidi 45. Gemu itakuwa laini kuliko ile inayoruka kati ya 60 na 35.

Mwendo ukishuka wakati joto ni nyuzi 60 tu, feni usiiguse. Angalia umeme kwanza: mara nyingi chaja imechomoka au ni ndogo kuliko ile ya asili.

Na kadi ikisoma asilimia 55 huku fremu zikisuasua, huenda inaisubiri prosesa. Usidanganyike na CPU usage ya jumla, maana prosesa inayoonyesha nyuzi 8 za kazi inaweza kusoma asilimia 20 huku mmoja umeelemewa kabisa. Washa namba ya kila mmoja peke yake. Ila kama fremu zimetulia kwenye 60 kamili, kuna kikomo kimewekwa kwenye gemu au skrini, na kadi inapumzika tu.